Ndege Iliyosikika Mara Mbili

Mama Tatu amefariki. Habari ilinifikia Alhamisi jioni, saa ile ile ambayo kwa miaka mingi tulikuwa tukikutana mtandaoni, nami nilikuwa nimeketi nyuma ya duka langu la ushonaji Kicukiro, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nikaona taa ya kijani imewaka kando ya jina lake. Nikafurahi, kwa kuwa alikuwa hajaingia kwa majuma kadhaa, na nikaanza kumwandikia utani wa kumuuliza kama amestaafu na huku. Kabla sijamaliza, maandishi yakatokea kwa jina lake: "Samahani, mimi ni Neema, binti yake. Mama alitutoka juzi. Sikujua namna nyingine ya kuwapata nyinyi watu wa mchezo, nimeingia kwa namba yake ya siri, alikuwa ameiandika kwenye kalenda." Nikasoma mara tatu. Halafu nikalia, mtu mzima mwenye mvi na futi ya kupimia shingoni, kwa ajili ya mwanamke wa Mwanza ambaye sikuwahi kumshika mkono hata siku moja. Mke wangu alipoingia akauliza nani amekufa, nikamwambia kiongozi wangu, naye hakucheka. Namshukuru kwa hilo, maana wengine wangecheka.

Tangu jioni ile nimekuwa nikiukumbuka mwaka mmoja tu, mwaka niliotimiza ishirini na sita, ambao ulianza na mchezo wa kompyuta na ukaishia kwenye kipaza sauti cha harusi kule Rebero. Watu wakinisifu kwamba mimi ni mtu wa msimamo, huwa nanyamaza, kwa sababu msimamo huo nilijifunza mahali ambapo wengi wao wangepaona pa kijinga. Nilijifunza nikiwa mpiga mishale mwenye masikio marefu, katika pango lisilokuwepo, nikifokewa na bibi wa makamo aliyekuwa akicheza kwa umbo la jitu lenye shoka.

Mwaka huo rafiki yangu Mugisha alikuwa amepanga nyumba mpya Masaka, hii ya kwetu Kicukiro na si ile ya Uganda, vyumba viwili vyenye harufu ya saruji mbichi, migomba ya jirani ikigusa dirisha. Alikuwa amekulia Uganda, akifanya kazi ya kuchora ramani za majengo, na chumbani kwake hamkuwa na kitu ila godoro, meza ndefu ya mbao na viti viwili vya plastiki. Kila Alhamisi nilifunga duka mapema, nikapanda pikipiki na kompyuta yangu mgongoni. Modemu yetu tuliifunga kwa uzi kwenye nondo za dirisha, upande unaotazama mlima, kwa kuwa hapo ndipo mtandao ulipokubali. Tulikula mihogo ya kuchemsha na maharage katika sufuria moja, chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati, tukanawa mikono vizuri ili vitufe visishike mafuta, kisha kila mmoja akavaa vifaa vyake vya masikioni. Hapo tukaacha kuongea kama watu wawili walio chumba kimoja. Tuliongea kupitia mtandao na wengine wote, sauti ya Mugisha ikinifikia mara mbili, kwanza kutoka kiti cha pili, halafu ikiwa imechelewa kidogo masikioni.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuuelewa, na nitaueleza kama nilivyokuja kuueleza baadaye mbele ya watu mia mbili. Mnaingia pangoni watu watano. Mmoja ni mbeba ngao: kazi yake ni kulichokoza dude mpaka limchukie yeye peke yake, limpige yeye, liwaache wengine. Mmoja ni mganga: anasimama nyuma na kumponya mbeba ngao kila anapopigwa. Watatu waliobaki ni washambuliaji. Lakini dude lina hesabu zake. Mshambuliaji akipiga kwa pupa kabla mbeba ngao hajalishika vizuri, linamgeukia. Mganga naye akiponya kupita kiasi linamgeukia, kwa kuwa kila tiba inaongeza chuki yake, na mganga hana ngao, anakufa kwa mapigo mawili. Kwa hiyo mganga mzuri si yule anayetibu sana. Ni yule anayengoja, anayevumilia kumwona mwenzake akipungukiwa mpaka karibu na mwisho, ndipo anamwinua, na huku anaangalia akiba yake ya nguvu isimwishie katikati ya pambano.

Mugisha alikuwa mbeba ngao. Jioni moja mwanzoni mwa mwaka ule tulikosa watu, tukauachia mchezo wenyewe ututafutie wageni watatu. Tukaingia kwa dude liitwalo Malkia wa Majivu. Tukafa wote. Tukarudi kutoka makaburini mbio, tukajaribu tena, tukafa. Mara ya tatu mmoja wa wale wageni akaandika matusi kwamba mbeba ngao ni mbovu, akaondoka, na wa pili akamfuata bila hata kuaga. Tukabaki watatu: mimi, Mugisha, na mganga mmoja aliyejiita Baridi. Nikadhani naye ataondoka. Akaandika kwa Kiingereza kifupi: "Mbeba ngao si mbovu. Anageuka kushoto mapema, simuoni nyuma ya nguzo, tiba yangu haimfikii. Tutafute wawili, turudie." Ndipo mchezo ukatuletea wawili wengine, mmoja wao jitu lenye shoka, naye huyo jitu akafungua kipaza sauti na tukasikia sauti ya mama mtu mzima ikisema kwa Kiswahili cha ziwani: "Haya wanangu, nani hapa anajua anachokifanya?" Malkia alianguka mara ya saba. Kabla hatujaachana, Mama Tatu alikuwa ameshatuingiza sote kwenye chama chake.

Chama chake kilikuwa na watu ishirini hivi, kutoka Kisumu, Arusha, Kampala, na kijana mmoja aliyekuwa baharia. Alikuwa mwalimu mstaafu na alikiendesha kama darasa. Tukifa, hakutafuta mchawi. Aliuliza tu, "Kosa la nani?" na aliyekosa alitakiwa kusema "kosa langu," aeleze alichokifanya, halafu turudie. Ukidanganya alikujua, kwa kuwa mchezo unaandika kila pigo na kila tiba kwenye orodha, naye alikuwa akiisoma hiyo orodha huku akinywa uji wake, tukimsikia anapuliza. Mimi nilitolewa jasho na mwanamke yule kuliko nilivyowahi kutolewa na fundi yeyote aliyenifundisha cherehani. Lakini hakuwahi kunidharau baada ya kukiri, na hilo ndilo lililonifanya nirudi.

Baridi aliongea mara chache sana. Sauti ya msichana, Kiingereza cha Uganda, akasema anakaa Kampala. Mugisha naye alikuwa na Kiingereza hicho hicho, na Baridi akaamini naye yuko huko. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nilichokiona mimi, niliyekuwa kiti cha pili, ni kwamba Mugisha alibadilika uchezaji. Aliacha kugeuka kushoto mapema. Alisimama mahali ambapo mganga angeweza kumwona, hata kama pigo lingekuwa kali zaidi. Baridi naye alikuwa akimngoja yeye kuliko mtu mwingine yeyote, anamwacha ashuke mpaka mimi nashika kichwa, halafu anamwinua. Miezi mitano wakawa hivyo. Wakibaki wawili baada ya mapambano, wanavua samaki kwenye ziwa la humo humo mchezoni, wanaandikiana, nami nalala kwenye godoro la Mugisha nikijifanya sioni anavyotabasamu peke yake.

Halafu ikaja ile jioni ya ndege. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu, tunajipanga nje ya pango, vipaza sauti viko wazi. Ndege ikapita juu ya Masaka ikienda kutua, chini kabisa kama kawaida, bati zikatetemeka. Mama Tatu akalalamika, "Mugisha, zima hiyo mashine." Akaomba radhi, akasema ni ndege. Tukaendelea kugawana kazi. Dakika moja baadaye mngurumo ule ule ukaja tena, lakini safari hii haukuwa juu ya paa letu. Ulikuwa masikioni mwetu, ukitoka kwenye kipaza sauti cha Baridi. Mimi nilikitoa kifaa sikioni nikasikiliza nje: kimya, mbuzi tu wa jirani. Nikakirudisha: ndege inapita. Mugisha akanitazama na mdomo wazi.

"Hiyo ndege inapita mara mbili?" akauliza Mama Tatu.

Ndege inayotoka mashariki hupita Masaka kwanza, kisha inashuka Kanombe kwenye uwanja. Mugisha, mchora ramani, alikuwa ameshaukamilisha mstari ule kichwani. Akabonyeza, akasema kwa Kinyarwanda, "Uri he?" Yaani, uko wapi wewe. Kisha Baridi, msichana wa Kampala, akajibu kwa Kinyarwanda safi, "Siwezi kukuambia. Papa alinikataza."

Kumbe binti wa askari, aliyesoma Uganda tu. Jina lake Solange, na baba yake, Afande Gatera, alikuwa ametumikia jeshi miaka mingi kama mtabibu, mwishowe hospitalini Kanombe. Sheria ya nyumba yao ilikuwa moja: mtu usiyemjua haambiwi mnakaa wapi. Miezi mitano msichana yule aliishika sheria ya baba yake barabara, mpaka ndege ikamsaliti. Mugisha alitaka kupanda pikipiki dakika ile ile. Nilipomtafsiria Mama Tatu, akamfokea mbele ya chama kizima. Akasema hakuna atakayekwenda popote jioni, hakuna atakayekwenda nyumbani kwa mtu, watakutana mchana, mahali penye watu, na binti asiwe peke yake na huyo kijana mpaka ajue amekutana na nani. "Hamidu," akaniambia mimi, "utakwenda nao. Utakaa meza ya pili. Ukiona jambo baya utasema." Nikaenda. Jumamosi mchana, kwenye baa ya maziwa Kanombe, nikakaa meza ya pili na glasi yangu ya mtindi, nikawatazama watu wawili waliojuana miezi mitano wakishindwa hata kusalimiana. Alhamisi iliyofuata nilitoa ripoti. Nilisema kijana alimwaga maziwa, binti akacheka, basi.

Ukweli huo nimeuandika hapa kwa kuwa ndio ulioleta vita. Siku ya posa, ambapo kwetu wasemaji wa pande mbili hushindana kwa maneno matamu ya kuombea msichana, msemaji wa upande wa bwana harusi aliulizwa hadharani vijana walikutana wapi. Akababaika, halafu akasema kwenye kwaya, wakiimba sauti moja. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mugisha hajui hata kuimba wimbo wa shule. Lakini Afande Gatera akalipenda lile jibu, na kuanzia siku hiyo akawa anawaambia watu wote, majirani na wenzake wa jeshini, kwamba binti yake amepata mchumba kwenye kwaya.

Mimi nilichaguliwa kuwa msimamizi wa bwana harusi. Kanisani alisimama mwingine, mwenye ndoa ya kanisa, kwa kuwa mimi ni Mwislamu. Kazi yangu ilikuwa ukumbini: kukaa pembeni yake, kumfuta jasho, na kutoa hotuba ya kuinua glasi. Majuma mawili kabla ya harusi Afande akaja dukani kupimwa suti. Mzee mrefu, mgongo umenyooka, hakai mpaka umwambie mara mbili. Nikamvalisha koti la majaribio, nikaanza kulibana mabegani kwa pini, pini nyingine nimezishika kwa midomo kama mafundi tunavyofanya. Akiwa amenyoosha mikono, akitazama ukutani, akaanza.

"Hamidu. Wewe iko na hotuba."

Nikaguna.

"Mimi sitaki maneno ya kompyuta pale. Pale itakuwa wakubwa wangu. Mtoto wangu sikumwokota kwa mchezo. Utasema kwaya. Umesikia?"

Nikaguna tena, mm, nikimaanisha nasikia, Afande, usitikisike, pini itakuchoma. Yeye akashusha mikono, akanishika bega kwa nguvu. "Vizuri. Umeahidi. Kama utataja ile kitu, mimi nasimama naondoka, mbele ya wote. Na mimi sisemi maneno ya bure." Akavaa koti lake la zamani na kuondoka. Nikabaki na pini sita mdomoni na ahadi ambayo sikuitoa. Ningeweza kumkimbilia barabarani. Sikukimbia. Nilimwogopa, na nilijiambia kuwa yatajipanga yenyewe. Hilo ndilo kosa langu la mwaka ule, na ni la kijinga kwa sababu pini zinatolewa mdomoni kwa sekunde mbili tu.

Nilipowaeleza Mugisha na Solange, Mugisha alisema labda tuseme hiyo kwaya yaishe, mzee ni mzee. Solange alikuwa anamenya ndizi kwenye beseni. Akaweka kisu chini. "Shemeji, sikiliza. Mama Tatu ameshona nguo mpya. Umeambiwa? Atakaa sebuleni kwake Mwanza mbele ya kompyuta, amewaalika na majirani. Baharia ameomba ruhusa melini. Watu sita watatutazama kwa mtandao. Sasa wewe usimame uwaambie walikuwa hawapo?"

"Papa yako ataondoka," nikasema.

"Aondoke. Atarudi, mimi ni mtoto wake. Lakini wale tukiwafuta siku ile, tumewafuta." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na bado alikiokota kisu akaendelea kumenya. "Mimi sikumpata Mugisha kwaya. Nilimpata alipoacha kukimbilia kushoto. Sema hivyo."

Kwa hiyo nikaamua. Nilikaa siku nane nikiiandika ile hotuba nyuma ya karatasi za vipimo vya suruali. Hotuba ya msimamizi si mchezo, ingawa yangu ilihusu mchezo. Kwetu mshereheshaji anakupa dakika chache, ukizidisha anakuja na kipaza sauti chake anakunyang'anya huku anacheka. Unatakiwa ujitambulishe ili wajue kwa nini wewe, usimulie kisa kimoja tu wala si vitano, umgeukie bibi harusi ili asijione mgeni kwenye hadithi ya marafiki wawili, halafu uwaambie watu wainue glasi kabla hawajachoka. Rasimu ya kwanza niliwasomea wateja wangu watatu dukani. Nilipomaliza, mama mmoja akauliza, "Huyo dude alikufa wapi, Masaka?" Nikajua nimeharibu. Nikafuta majina yote ya mapango, ngazi, silaha. Nikabakiza vitu vitatu: ngao, mganga, na ndege. Mtu yeyote anajua maana ya kumkinga mwenzako, anajua maana ya kumtibu, na kila mtu wa Kicukiro anaijua ndege ya saa kumi na mbili na nusu.

Lugha nayo ilikuwa swali. Wageni wengi wangetaka Kinyarwanda. Lakini Mama Tatu hakukijua, wala wa Kisumu. Kiingereza, nusu ya wazee wasingekifuata. Kilichobaki ni Kiswahili, ambacho Mama Tatu alizaliwa nacho, na ambacho Afande Gatera, kama askari wengi wa rika lake, alikuwa amekitumia jeshini maisha yake yote. Nikaona, kama nitavunja ile ahadi aliyodhani amepewa, angalau niivunje kwa lugha anayoielewa mpaka mwisho, asiseme baadaye kwamba hakusikia vizuri.

Ukumbi ulikuwa bustani kule Rebero, mahema meupe, jua la alasiri, jiji zima likionekana chini. Kompyuta ya mtandao iliwekwa kwenye meza ya mitambo, karibu na njia ya kutokea, na mtu wa mitambo alikuwa ameiunganisha na spika ili wageni wa mbali wakisalimu wasikike. Niliwaona kwenye vyumba vyao sita vidogo kiooni. Mama Tatu alikuwa mnene kuliko nilivyodhani, na kilemba cha zambarau. Afande alikaa meza ya mbele na wazee wenzake wanne, suti niliyomshonea imemkaa sawasawa, na nilipopita akaniitikia kwa kichwa, kama mtu aliyemaliza mapatano. Mugisha akaninong'oneza, "Bado unaweza kusema kwaya." Nikamwambia anyamaze, anywe maji.

Nikasimama na glasi ya Fanta. Nikajitambulisha: fundi cherehani, mwenye makosa mawili, unene na ukaidi. Watu wakacheka kidogo. Halafu nikasema, "Mmeambiwa hawa walikutana kwaya. Si kweli. Walikutana kwenye mchezo wa kompyuta, nami nilikuwepo." Afande Gatera akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akatoka kwenye meza yake, akapita pembeni mwa viti kwa mwendo wa pole, mgongo umenyooka, watu wote wakimfuata kwa macho. Mzee mmoja wa meza yake akainuka nusu, akanitazama, akakaa tena. Nasema bila aibu kwamba nilitaka kukimbia. Nikamtazama Solange. Alikuwa amekaa wima kama baba yake, machozi yanamshuka, akaniitikia kwa kichwa mara moja: endelea.

Nikaendelea. Nikawaeleza mbeba ngao ni nani, kwamba anakubali kuchukiwa yeye ili wengine wapone. Nikawaeleza kazi ya mganga. "Msidhani kazi yake ni huruma tu," nikasema. "Akitibu kwa pupa adui anamwona, anamuua, na wote mnakufa. Lazima awe na moyo wa kungoja. Bibi harusi huyu nilimwona akingoja mpaka mimi nikafumba macho, na hakumpoteza mtu." Kwenye meza ya wazee wa jeshi, mmoja wao akasema kwa sauti, "Ni kweli hiyo." Nikasimulia wageni waliotukimbia baada ya kufa mara tatu, na yeye aliyebaki akasema mbeba ngao si mbovu. Nikasimulia miezi mitano ya msichana aliyekataa kumtajia mtu anakaa wapi, hata huyo anayempenda, kwa kuwa baba yake alimkataza. "Huyo baba," nikasema, "alimlea mtoto anayeshika neno hata pasipokuwa na mtu wa kumwona." Kisha ndege. Nilipofika kwenye mngurumo wa pili, hema zima likacheka na kupiga meza, na sekunde kadhaa baadaye, watu wameshanyamaza, kikaja kicheko cha pili kutoka kwenye spika, cha Mwanza na Kisumu na cha melini, kimechelewa njiani. Watu wakacheka upya kwa sababu hiyo. Nikawataja wote sita kwa majina, na Mama Tatu kama kiongozi aliyekataza binti asiende kukutana na kijana peke yake. Nikamgeukia Solange nikamwambia, "Umekaa nyuma ya mwanamume huyu ukimwinua. Kuanzia leo, akigeuka kushoto mapema, mpigie simu fundi." Nikainua glasi. Wakanywa. Na sisi tulipokwisha kukaa chini, spika ikapiga shangwe yake.

Sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye njia ya kutokea nikamtafute Afande barabarani, na sikuhitaji kufika barabarani. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya mitambo, mikono nyuma, ameinama kidogo kwenye ile kompyuta. Hakuwa ameondoka, au alikuwa ameondoka mpaka pale tu, sijui. Alikuwa anawakagua.

"Nani mkubwa hapa?" alikuwa anauliza.

"Mimi, baba. Mama Tatu wa Mwanza. Hongera kwa binti."

"Wewe ndiyo ulikataza asiende peke yake?"

Akangoja sauti isafiri, kisha Mama Tatu akajibu: "Ndiyo. Nikamtuma Hamidu akae meza ya pili."

"Ulimwamini huyu fundi?"

"Nilimwamini. Akikosea huwa anasema."

Afande akanyooka, akanigeukia. Uso wake ulikuwa mgumu na macho mekundu. "Mimi nilikuuliza, ukasema ndiyo."

Ningeweza kumweleza habari ya pini. Nilikuwa nimejiandalia hata kicheko cha kuisindikiza. "Kosa langu, Afande," nikasema. "Sikusema ndiyo, lakini nilikuacha uondoke ukiamini. Ningekukatalia palepale dukani. Nilikuogopa."

"Huyu mama alifanya kazi yake vizuri," akasema. "Wewe, bado." Muziki ulikuwa umeanza. Akashuka kati ya viti kuelekea kwa binti yake, na wazee wake wakampisha. Hajawahi kunisamehe kabisa. Suti zake zote tangu siku ile anashonewa na mtu mwingine, na tukikutana msibani ananipa mkono, basi. Nimelikubali. Ningeulizwa tena, ningetoa pini mdomoni, ningemwambia hapana usoni, na hotuba ningeitoa ile ile.

Nikabaki peke yangu pale mezani na zile nyuso sita. Mama Tatu alikuwa amesogea karibu sana na kamera, paji la uso tu linaonekana na ncha ya kilemba.

"Amekasirika?" akauliza.

"Amekasirika."

"Na binti?"

Nikatazama. "Anacheza na baba yake."

"Basi usinionyeshe sura yako," akasema. "Nigeuzie niwaone."

Nikaigeuza kompyuta.